Flashi Inayozunguka Rongai: Barua ya Wazi kwa Wenye Sayba na Mafundi wa Kompyuta

Ndugu zangu wenye sayba na mafundi wenzangu wa Rongai, Kampi ya Moto, Salgaa na Kabarak,

Nawaandikia kuhusu flashi moja ambayo kila mmoja wetu anaijua. Hakuna anayekumbuka ilianzia kwa nani, lakini imenakiliwa kutoka duka hadi duka. Ndani yake mna Windows, Office, programu za kubuni mabango, SPSS kwa wanafunzi wa Kabarak na Egerton, na folda ya kreki yenye maelezo mafupi: zima antivairasi kwanza, halafu bofya hapa. Mimi pia niliitumia kwa miaka. Nimeacha, na sababu ya kuacha ni laptopu ya mama mmoja.

Mama huyo ni katibu wa kikundi cha akiba cha wanawake. Alifika kwangu asubuhi ya Ijumaa, laptopu ameifunga kwa leso. “Fundi,” akaniambia, “kila kitu kipo lakini hakuna kinachofunguka.” Kweli, kila kitu kilikuwepo. Hesabu za kikundi, picha za harusi ya binti yake, video ya mkutano wa mwaka, vyote vilikuwa kwenye folda zake. Ila kila jina la faili lilikuwa limeongezewa herufi nne mwishoni, na katika kila folda palikuwa na faili jipya liitwalo `_readme.txt`. Faili hilo lilidai dola 980 za kufungua faili zake, au dola 490 endapo angewasiliana nao kabla ya saa 72 kupita.

Nilimuuliza kilichotangulia. Alhamisi mchana alikuwa ametaka kutengeneza programu ya mazishi ya mwanakikundi. Kijana mmoja wa sayba alimpakulia programu ya kuhariri picha kutoka tovuti ya bure. Ilikuja kama faili ya zipu iliyofungwa kwa neno la siri 1234, na ukurasa wa kupakulia ulielekeza kwamba antivairasi izimwe. Kijana akaizima. Alipobofya kisakinishi, likatokea kosa la `0xc000007b`. Akajaribu mara tatu, kosa likawa ni lile lile. Baadaye likatokea dirisha lililofanana na la Windows kujisasisha, wakaiacha mashine iendelee. Dirisha lile lilikuwa pazia. Nyuma yake faili zilikuwa zikifungwa moja baada ya nyingine.

Virusi hivi vinaitwa STOP, na wengine huviita Djvu. Vimekuwepo tangu takriban mwaka 2018, na njia yake kuu ya kuenea ni visakinishi vya kreki na vitengeneza-funguo. Nawaomba tuelewe namna vinavyofanya kazi, maana humo ndimo nilimojifunza kwa nini tunapoteza data za wateja bila matumaini.

Virusi vikishaanza, hujaribu kuwasiliana na seva ya wenyewe. Vikiipata, hupewa ufunguo wa mashine ile moja tu, na ufunguo huo hubaki kwa wahalifu. Vikikosa mtandao, hutumia ufunguo uliowekwa ndani yake tangu awali, ambao ni mmoja kwa waathiriwa wengi. Kampuni ya Emsisoft ilitoa kifungulio cha bure mwezi Oktoba 2019, lakini kwa matoleo yaliyokuja baada ya Agosti mwaka huo kinaweza kusaidia wale wa ufunguo wa pamoja tu, tena pale ufunguo huo ulipopatikana. Ukitaka kujua mteja yuko upande gani, fungua faili hili:

```
C:\SystemID\PersonalID.txt
```

Kitambulisho kinachoishia na `t1` ni cha ufunguo wa pamoja, kwa hiyo pana tumaini. Cha mama huyu hakikuishia hivyo. Kompyuta ya sayba iko kwenye mtandao siku nzima, na kwa sababu hiyo ndiyo mashine isiyo na bahati kabisa katika jambo hili.

Kuna kitu kingine kiliniuma zaidi. Virusi hivi havifungi faili zima. Hufunga mwanzo wake tu, takriban kilobaiti 150. Video ya mkutano ilikuwa kubwa, hivyo sehemu kubwa ya picha na sauti ilikuwa haijaguswa. Nilipata video nyingine iliyopigwa kwa simu ile ile, nikatumia programu ya kutengeneza video zilizoharibika, na nyingi yake ikarudi. Lakini daftari la hesabu la Ekseli, lenye michango ya wanawake wote kwa miaka minne, lilikuwa na kilobaiti 60. Lilifungwa lote, tangu safu ya kwanza hadi ya mwisho. Kikundi kilikaa wiki tatu kikiunganisha hesabu upya kutoka kwa ujumbe wa M-Pesa na vitabu vya mkononi, na palipokosekana ushahidi walilazimika kuaminiana.

Sasa turudi kwenye lile kosa la `0xc000007b`, kwa sababu ndilo linalotuletea wateja kila wiki na tumezoea kulichukulia kama ukorofi wa mashine. Programu ya kulipiwa hukagua leseni yake kupitia faili fulani za maktaba, zile zenye mwisho wa `.dll`. Anayekreki hutoa faili hilo na kuweka lake, lililobadilishwa lisikague chochote. Faili hilo limetengenezwa kwa toleo moja mahsusi. Ukiliweka kwenye toleo jingine, programu huanguka njiani au huomba kitu kisichokuwepo. Ukiipa programu ya biti 64 maktaba ya biti 32, au maktaba iliyoharibika, Windows hutoa kosa hilo la `0xc000007b`. Baadaye programu hujisasisha, faili halali hurudi mahali pake, nayo kreki hufa. Hapo mteja anakuambia programu “imejifunga yenyewe”. Huwezi kulitibu tatizo hili kwa kupakua `.dll` moja moja kutoka tovuti za mitaani, kwa kuwa hapo unaongeza faili la pili usilojua limetoka kwa nani.

Office na Windows zina kisa chake. Mashirika makubwa huwa na seva ya ndani inayoziidhinisha kompyuta zao, mfumo unaoitwa KMS. Idhini hiyo hudumu siku 180, na kompyuta hujaribu kuihuisha kila baada ya siku saba. Kreki tunazotumia huigiza seva hiyo. Huweka seva bandia ndani ya laptopu ya mteja, na laptopu huamini ni mali ya kampuni. Siku Windows Defender ikiamka na kuitambua seva hiyo kama `HackTool:Win32/AutoKMS`, huifuta, na mteja hubaki na siku zilizosalia katika zile 180. Zikiisha hupata kosa la `0xC004F074`, yaani seva ya idhini haipatikani. Basi mteja anarudi baada ya miezi kadhaa, nasi tunamtoza tena kwa kazi ile ile. Nasema bila kuficha: hayo si malipo ya haki. Anayelipa hajui kwamba amekodishwa kitu kilichokuwa kimevunjika tangu siku ya kwanza.

Na ili seva hiyo bandia isifutwe, tunaiambia Defender isiangalie folda fulani, pengine hata diski nzima ya C. Hapa ndipo mlango unapobaki wazi miaka na miaka. Fungua PowerShell kama msimamizi kwenye kompyuta yoyote iliyopita mikononi mwetu, uandike:

```
Get-MpPreference | Select-Object ExclusionPath
```

Ukiona `C:\` au folda usiyoitambua, jua antivairasi imefumbwa macho, mara nyingi kwa mkono wa fundi. Kwenye laptopu ya yule mama niliikuta `C:\`. Halafu nilipojaribu kufungua tovuti za kampuni za antivairasi, hazikufunguka, ilhali Facebook ilifunguka vizuri. Nikaangalia faili la `hosts` katika `C:\Windows\System32\drivers\etc`. Majina ya tovuti za usalama yalikuwa yamejaa humo, kila moja limeelekezwa kwa `127.0.0.1`, ambayo ni kompyuta yenyewe. Kwa hiyo mashine ilikuwa ikiitafuta dawa ndani ya tumbo lake. Kosa la aina hiyo, tovuti chache zikikataa na nyingine zikikubali, si tatizo la bando. Anzeni kulitazama hapo.

Ninalolihofia zaidi, hata hivyo, halionyeshi kosa lolote kwenye skrini. Virusi vya STOP vilijulikana pia kwa kuja na wezi wa nywila, na kuna programu nyingine ambazo kazi yake ni wizi huo tu. Mwezi Desemba 2021 watafiti wa kampuni ya Red Canary walieleza jinsi visakinishi bandia vya KMSPico, jina ambalo limo kwenye flashi yetu, vilivyokuwa vikibeba mwizi aitwaye CryptBot. Mwaka 2023 Google iliwapeleka mahakamani wanaomsambaza, ikasema ameingia kwenye kompyuta takriban 670,000 katika mwaka mmoja. Huchota nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari na pia vidakuzi, vile vipande vidogo vinavyoifanya tovuti ikukumbuke usiingie upya kila mara. Mwenye kidakuzi chako anaweza kuingia kwenye akaunti yako bila kuijua nywila.

Fikirini ni nani anayekaa kwenye kiti cha sayba. Mwezi Juni ni foleni ya watu wanaowasilisha ritani za KRA. Matokeo ya KCSE yakitoka, ni watoto na wazazi wao kwenye mfumo wa KUCCPS, kisha HELB. Kati ya hapo ni eCitizen: cheti cha maadili mema, pasipoti, leseni ya udereva. Wengi hawana barua pepe mpaka sisi tuwafungulie, na wengi hawajui kujitoa wanapomaliza. Kivinjari kinauliza kama kihifadhi nywila, tunabofya ndiyo ili mteja akirudi asisumbuke. Hivyo kompyuta moja ya kando ya barabara ya Rongai hubeba nywila za mtaa mzima. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka anayesimamia data za watu, zikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru, amjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72. Je, ni nani kati yetu anayeweza hata kujua kwamba zimevuja?

Najua jibu lenu, kwa kuwa nimelitoa mwenyewe mara nyingi: mteja hana pesa za leseni. Ni kweli hana. Lakini katika kazi yangu nimegundua kwamba mara nyingi leseni anayo tayari, na sisi ndio tunaomnyang'anya.

Laptopu nyingi tunazopokea ni mitumba ya ofisi za Uingereza na kwingineko: HP, Dell, Lenovo. Tangu Windows 8 ilipotoka mwaka 2012, watengenezaji wamekuwa wakiweka ufunguo wa Windows ndani ya bodi ya mashine yenyewe. Ukifuta diski, ufunguo unabaki. Tunachofanya ni kuweka toleo la Enterprise kutoka kwenye flashi, ambalo haliukubali ufunguo huo, kisha tunakreki mashine iliyokuwa na haki yake. Kabla hujafuta chochote, andika hii:

```
(Get-CimInstance SoftwareLicensingService).OA3xOriginalProductKey
```

Zikitokea herufi na tarakimu 25, leseni iko. Sakinisha toleo linalolingana nayo, Home kwa Home na Pro kwa Pro, unganisha mtandao, na mara nyingi Windows itajiidhinisha yenyewe bila kreki. Pasipotokea kitu, mashine ni ya zamani zaidi au ilinunuliwa kwa leseni ya shirika. Na kama unataka kujua iwapo ilishakrekiwa, `slmgr /dlv` itakuonyesha. Laptopu ya mtu binafsi yenye neno `VOLUME_KMSCLIENT` imeidhinishwa kwa mfumo wa mashirika, na shirika lenyewe halipo.

Hata isiyo na ufunguo haimlazimu mtu kukreki. Windows isiyoidhinishwa huonyesha maandishi hafifu pembeni ya skrini na kumzuia mwenyewe kubadilisha mandhari, lakini huendelea kupokea masasisho ya usalama. Leseni hairuhusu kuifanya hivyo kuwa makao ya kudumu, ila mteja anapata nafasi ya kujipanga bila kufungua mlango kwa mwizi. Mashine ambazo haziwezi kupanda hadi Windows 11 ni nyingi, na kwa kuwa Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, mimi huziwekea Linux Mint. Laptopu yenye GB 4 za RAM huibeba vizuri. Jaribuni kwanza printa na skana za duka kabla ya kuhama, kwa sababu hapo ndipo nilipokwama mara mbili.

Kwa barua na hesabu kuna LibreOffice. Si ngeni kwetu kama tunavyodhani: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, tafsiri ya Kiswahili ya OpenOffice, ambayo ndiyo mzazi wa LibreOffice ya leo. Inafungua na kuhifadhi faili za Word na Ekseli. Mipaka yake naijua: hati yenye majedwali mengi inaweza kusogea, na faili za Ekseli zenye makro nzito husumbua. Kwa CV, barua ya maombi, ratiba ya shule na daftari la chama, inatosha. Mteja anayehitaji Word yenyewe kwa siku moja anaweza kuitumia bure kwenye kivinjari kwa akaunti ya Microsoft.

Wanafunzi wanaotaka SPSS waulizwe kwanza kama chuo chao kina leseni. Kama hakina, PSPP na JASP ni za bure na zote mbili zinafungua faili za `.sav`. JASP inafanya vipimo ambavyo wengi wao wameagizwa na wasimamizi wao: wastani, jedwali mtambuko, kai-mraba, rigresheni. Mwanafunzi aandike tu kwenye tasnifu jina la programu aliyoitumia. Wabunifu wa mabango watapata shida kidogo zaidi, na sitawadanganya. Inkscape hufungua baadhi ya faili za CorelDRAW tu, tena si kikamilifu, na GIMP haijazoea rangi za uchapishaji kama Photoshop. Lakini wachapishaji wengi hupokea PDF, na programu ya mazishi, ile ile iliyomponza mama wa watu, hutengenezwa kwa LibreOffice Writer na picha moja iliyokatwa kwa GIMP. Nimeitengeneza. Ilinichukua dakika 40.

Tatizo letu la kweli, naamini, ni bando. Kisakinishi cha Windows kina zaidi ya GB 5, na hakuna anayetaka kukipakua mara mbili. Ndiyo maana flashi ilizunguka. Basi na izunguke flashi nyingine. LibreOffice, GIMP, Inkscape, PSPP, JASP na Linux Mint zote zinaruhusu kwa leseni zake zinakiliwe na kugawiwa, bila kumwogopa mtu. Mmoja akipakua mara moja kutoka tovuti ya wenyewe, wote tumepata. Kila aliyenakili ahakikishe kwa mkono wake:

```
Get-FileHash .\jina_la_faili -Algorithm SHA256
```

Mlinganishe mstari unaotokea na ule uliochapishwa kwenye tovuti rasmi. Ikitofautiana hata herufi moja, bila kujali herufi kubwa au ndogo, futeni mkapakue upya. Windows nayo ichukuliwe kwa Media Creation Tool ya Microsoft, kwenye flashi ya GB 8 au zaidi.

Kwa kompyuta zilizokwisha kuguswa na ile folda ya kreki, nawasihi msiridhike na kuzisafisha kwa antivairasi. Nakilini hati za mteja peke yake, futeni diski, wekeni Windows upya, na mteja abadilishe nywila zake kutoka kwa simu kabla ya kuigusa kompyuta tena, akijitoa kwenye vifaa vyote. Akianza na nywila kwenye kompyuta ile ile chafu, amempa mwizi nywila mpya. Na mkikutana na `_readme.txt`, chomoeni mtandao, wala msilipe, hifadhini faili zilizofungwa pamoja na kile kitambulisho, kisha mripoti kwa KE-CIRT, kitengo cha Mamlaka ya Mawasiliano kinachoshughulikia mashambulizi ya mtandaoni.

Yule mama alinunua flashi ndogo. Kila Ijumaa, mkutano ukiisha, ananakili daftari la kikundi na kuichomoa. Flashi hiyo haiachwi ndani ya laptopu, kwa kuwa virusi vya STOP hufunga na kilichochomekwa.

Ya kwangu ya GB 32 iko tayari, yenye programu zote nilizozitaja na karatasi ya alama zake za SHA-256. Njooni na flashi tupu mnakili, bila malipo, siku yoyote ya kazi. Ile ya zamani, tafadhali, iformatini leo kabla hamjamhudumia mteja mwingine.

Wenu katika kazi,
Fundi mwenzenu, Rongai, Nakuru